Kona ya Pankrasi

Mume wangu Pankrasi aliacha vigingi vitatu kwenye kiwanja chetu cha Ruhuwiko. Cha kwanza ni cha kona, upande wa jirani yetu Mzee Daimu. Cha pili kiko mita kumi kutoka hapo, sambamba na barabara, na huo ndio ukuta wa mbele. Cha tatu kiko mita nane kutoka kwenye kona kwenda nyuma, na huo ndio ukuta wa ubavuni. Alivipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasivile, akapigilia msumari mdogo juu ya kila kimoja, kwa sababu alisema kigingi ni kinene lakini kona ni kitu chembamba. Ilikuwa Jumamosi. Kigingi cha nne alisema atakiweka Jumamosi inayofuata. Jumanne akashikwa na homa, na Jumamosi hiyo ndiyo tuliyomzika.

Vigingi vikakaa mwaka mmoja na miezi mitano. Mzee Daimu alivilinda kama mali yake. Mbuzi akisogea alirushiwa kandambili, na watoto waliotaka kuvifanya goli walifukuzwa kwa maneno ya Kiyao ambayo hakuna aliyetaka yatafsiriwe. Mimi nilikuwa nakuja kutoka Bombambili kila baada ya wiki mbili, naviangalia, narudi. Sikuwa na la kufanya pale. Niliviangalia tu.

Mwaka huu mwezi wa kumi nikaona mawe na mchanga vimetosha, na mvua hazijaanza. Nikamwita Valence.

Valence ni fundi kama alivyokuwa mume wangu. Walijenga pamoja miaka kumi na minne, na kila mmoja alidai ndiye aliyemfundisha mwenzake kushika mwiko. Ni Mbena wa Madaba. Pankrasi alikuwa Mngoni, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa na likizo. Pankrasi alikuwa akimwambia mbele ya wateja kwamba Wabena wanajua kunyoosha matuta ya viazi tu. Valence naye alijibu kwamba Wangoni walikuja Songea kwa sababu walipotea njia, na aliyepotea njia hawezi kupima nyumba.

Siku ya mazishi mtani ana ruhusa zake, na Valence alizitumia zote. Alikuja makaburini amevaa kofia ya Pankrasi, ameibeba kamba ya Pankrasi ya kupimia. Akalipima kaburi, akatangaza kwamba halikuwa skwea, yaani kona zake si pembe mraba, na kwamba marehemu hawezi kulala kwenye kona mbovu mpaka mtani apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Akapewa jogoo. Bado hakuridhika. Akatoa kisu, akasema mwenye kamba amepumzika, na kamba nayo ipumzike, akaikata mara moja, karibu na katikati.

Hapo wifi yangu Lukresia, dada mkubwa wa Pankrasi, akasimama. Alisema utani una mipaka, na kwamba kamba ile ndiyo iliyosomesha watoto. Valence akanyenyekea. Akazishika zile ncha mbili, akazifunga pamoja palepale, akavuta kuhakikisha, akamkabidhi. Akasema hakuna kilichopotea, ncha mbili zilikuwepo na ncha mbili zipo. Lukresia akakubali, akanipa niitunze. Tukaendelea na mazishi.

Naieleza habari hii mapema ili msomaji asije akanishangaa. Sisi wote tulikuwepo. Sisi wote tuliona. Na sisi wote tukasahau.

*

Ijumaa mchana tulikutana kiwanjani watatu: mimi, Lukresia na Valence. Valence alifika na baiskeli, uzi wa kujengea, nyundo na tepu yake ya mita tano. Tepu hiyo ilikuwa imekatika mwanzoni, sentimita kumi za kwanza hazipo, kwa hiyo alikuwa anaanzia kwenye kumi na kutoa kumi mwishoni. Alisema ameizoea kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Ubaya wake ni kwamba tepu ya mita tano inayoanzia kumi inaishia mita nne na sentimita tisini. Tano haifiki.

Kwa hiyo kuhakiki kona akaomba kamba ya marehemu. Nilikuwa nimekuja nayo kwenye mkoba. Ni kamba ya manila ya bluu, na juu yake kuna alama nne za kitambaa chekundu ambazo Mzee Daimu, aliye fundi cherehani, alizishona kwa mkono miaka mingi iliyopita. Kutoka alama ya kwanza hadi ya pili ni mita tatu. Ya pili hadi ya tatu ni nne. Ya tatu hadi ya nne ni tano.

Kazi yake ni rahisi. Mtu mmoja anashika alama ya pili kwenye msumari wa kona. Mwingine anaivuta ile tatu kufuata uzi wa ukuta wa mbele. Wa tatu anaivuta ile nne kufuata uzi wa ukuta wa ubavuni. Halafu ile tano inavutwa kukatiza, kutoka mwisho wa nne hadi mwisho wa tatu. Alama ya mwisho ikiikuta ya kwanza, kona ni skwea. Isipofika, kona imepanuka. Ikizidi, kona imebanwa. Kidato cha pili tulifundishwa sababu: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, ukizijumlisha unapata ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Nilipata alama nzuri katika hesabu hiyo, na sikuitumia tena mpaka nilipoolewa na fundi.

Nilipiga magoti kwenye kigingi cha kona. Lukresia akashika tatu. Valence akashika nne, akamrushia Lukresia ncha ya mwisho. Lukresia akavuta. Akavuta tena. Akasema haifiki.

Valence alidhani wifi yangu amelegea, na Lukresia si mtu wa kuambiwa amelegea. Wakabadilishana nafasi. Bado haikufika. Kati ya alama nyekundu ya mwisho na ile ya kwanza palibaki pengo la sentimita kumi na mbili.

Valence akaliangalia lile pengo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila utani, na hilo ndilo lililonitisha:

"Shemeji, kona imepanuka."

Nilimwambia haiwezekani. Aliniuliza nani anasema haiwezekani, mimi au kamba. Nikasema kamba ni ya zamani, huenda imevutika. Akatikisa kichwa.

"Kamba ikivutika, inavutika yote. Hayo ni maneno ya marehemu mwenyewe, alinipigia kelele nayo miaka kumi na minne. Tatu ikirefuka, nne nayo inarefuka, na tano vilevile, kila moja kwa kadiri yake. Ni kama kuikuza picha. Pua inakuwa kubwa lakini uso ni uleule. Kona haibadiliki."

Ni kweli Pankrasi alikuwa akisema hivyo. Nilimsikia mara nyingi mezani, akitumia uzi na vijiko.

Lukresia akakumbuka kwamba Jumamosi ile mdogo wake alikuwa anawahi mpira. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa udhuru. Na mimi nilijua ni kweli. Alikuja nyumbani jasho linamtiririka, akala wali amesimama, sahani mkononi, akaenda kuangalia mpira. Nikamwona tena jinsi alivyopita mlangoni. Nikaanza kufikiri kwamba kazi yake ya mwisho aliilipua.

Sijui kama nitaeleweka. Nyumba za Pankrasi ziko Mfaranyaki, ziko Lizaboni, ziko Msamala, na wenye nyumba wananisalimia. Lakini hizo ni za watu. Kwangu mimi alikuwa ameacha kona moja tu. Na sasa rafiki yake wa miaka kumi na minne alikuwa amechuchumaa mbele yake, nyundo mkononi, anatafuta namna ya kuniambia kwamba itang'olewa.

Akafanya kazi haraka, nadhani kwa ajili ya huruma. Akauacha uzi wa mbele ulivyo. Ule wa ubavuni akausogeza kuelekea ndani mpaka alama nyekundu zikakutana. Akapima mita nane juu ya uzi huo mpya, akapigilia kigingi kipya. Kilisimama kama sentimita arobaini kutoka cha Pankrasi. Halafu akatafuta kona ya nne: mita kumi kutoka hapo, na mita nane kutoka kigingi cha mbele cha upande wa pili. Akazunguka na tepu yake, akihesabu kwa sauti na kutoa kumi kila mara. Mbele kumi. Nyuma kumi. Ubavu nane, na ubavu mwingine nane.

"Imetimia pande zote," alisema. Akakishika kigingi cha zamani cha nyuma ili akitikise.

Nikasimama juu ya mkono wake. Si kwa nguvu, nilikuwa na kandambili. Lakini alielewa.

Lukresia akaniambia, "Wifi, kigingi si kaburi."

Nikamwambia najua. Nikasema kibaki mpaka kesho wachimbaji watakapofika. Valence akautoa mkono wake taratibu, akaufuta vumbi, akasema wachimbaji watakuwepo saa moja asubuhi, na kwamba mtu akitaka kuagana na kipande cha mti basi akiage usiku huu, mradi asikikumbatie, kwa sababu oili chafu haitoki kwenye kitenge.

Ilikuwa imeshachelewa. Kitenge changu kilikuwa na oili tangu nilipopiga magoti.

*

Jumamosi asubuhi wachimbaji wawili walikuwa wamekaa juu ya mawe wanasubiri Valence amalize kukaza nyuzi. Nilikwenda kumwamkia Mzee Daimu barazani kwake. Ametoka Tunduru miaka mingi, ameacha mikorosho kwa kaka zake, na anashona barazani kuanzia asubuhi. Siku hiyo alikuwa anakata vitambaa vya mapazia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Suzana. Umeamkaje?"

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kiwanja changu juu ya miwani, shingo ameipinda, halafu akaipinda upande mwingine. Nikamwuliza kuna nini.

"Nani kakukatia nyumba mshazari?"

Nikamweleza yote: kamba, pengo, kona iliyopanuka, kigingi kipya. Nikamwambia pande zote nne zimepimwa na zimetimia. Akachukua kipande cha pazia, akakishika kona mbili, mimi akanipa kona mbili, akaniambia nivute kona moja kwangu. Kitambaa kikalala upande kama mtu aliyechoka. Akaniuliza kama kuna upande wowote uliopungua. Hakuna. Akaniuliza kama bado ni pazia. Nikasema ni pazia la nyumba iliyopigwa na upepo.

"Pande nne kutimia hakutoshi," alisema. "Muulize fundi wako kama kapima kona kwa kona."

Akavaa kandambili zake za kurushia mbuzi, akavuka.

Valence alimsalimu kwa heshima, kisha akamwuliza kwa heshima ileile tangu lini nyumba zikawa zinavaliwa. Mzee Daimu akasema:

"Mimi nikikosea, mteja ananirudia kesho na suruali yake. Wewe ukikosea, mteja analala humo mpaka afe."

Mmoja wa wachimbaji akakohoa. Valence akauliza atapima vipi kona kwa kona na tepu isiyofika tano, wakati pale ni zaidi ya mita kumi na mbili. Mzee akasema haitakiwi tepu, unatakiwa uzi.

"Uzi haujui kuhesabu, kwa hiyo haujui kudanganya."

Wakafunga uzi kwenye msumari wa kona ya Pankrasi, wakauvuta mpaka kwenye kigingi cha kona inayokabili, ile mpya ya nne. Mzee akafunga alama ya kitambaa mahali ulipogusa. Halafu wakauchukua uzi uleule kwenye kona nyingine mbili, kutoka kigingi cha mbele cha upande wa pili hadi kigingi kipya cha nyuma. Kwenye nyumba iliyonyooka, alama ingeangukia msumarini. Hapa ilipita msumari, uzi ukabaki unaning'inia. Mzee akatoa tepu yake ya shingoni, ya kupimia viuno, akaupima ule uliozidi. Sentimita sitini na moja.

Valence akasema uzi umevutika. Wakarudi kona za kwanza, ukafika palepale kwenye alama. Wakarudi za pili, sitini na moja. Akasema labda ardhi ina mteremko. Mchimbaji yule aliyekohoa akaleta sufuria ya maji bila kuombwa, akaiweka chini, tukaangalia maji yamelingana na ukingo pande zote.

Lukresia alikuwa amefika wakati huo na chupa ya chai. Aliuliza sitini na moja maana yake nini. Mzee Daimu akamwambia maana yake ni kwamba kabati likiwekwa kwenye kona halitakaa, bati litapanda upande mmoja na kupungua mwingine, na kila fundi atakayekuja atauliza fundi aliyepita alikuwa anakunywa nini.

"Mimi sinywi," Valence alisema. "Nimefuata kamba. Hii kamba haijawahi kukosea."

"Nipe niione."

Nikampa. Mzee akakaa juu ya jiwe, akaipitisha vidoleni polepole, kama anavyokagua mshono. Alama ya kwanza akaigusa, akasema huu uzi ni wake. Ya pili, wake. Ya tatu, wake. Akaendelea, vidole vikasimama kabla ya kuifikia ya nne. Akainua kamba juu ya macho yake.

"Nyuzi ni zangu. Hili fundo si langu."

Kisha Lukresia akaweka chupa ya chai chini, kwa uangalifu sana, na akamgeukia Valence.

"Hilo ni fundo lako. La kaburini."

Nimemwona Valence katika hali nyingi. Nimemwona ameanguka kutoka kwenye kenchi ya paa akainuka anacheka. Sijawahi kumwona akibadilika vile. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akaichukua kamba kwa mzee, akaliangalia lile fundo.

Akasema hakuondoa hata kipande. Alisema ncha mbili zilikuwepo. Mzee Daimu akamwuliza fundo limetengenezwa kwa nini, kwa hewa? Fundo ni kamba. Ile kamba iliyojizungusha humo ndani imetoka kwenye tano. Tatu haina fundo, nne haina fundo.

"Shemeji," nikamwambia, na nilijisikia kama namsikia mtu mwingine akisema, "kamba inavutika yote. Lakini haikufungwa fundo yote."

Wakailaza chini, wakaipima kwa vipande na ile tepu iliyong'oka jino. Mita tatu ilikuwa imekuwa mita tatu na sentimita tatu. Nne imekuwa nne na sentimita nne. Pankrasi alikuwa sahihi, ilikuwa imevutika yote, kila moja kwa kadiri yake. Tano ilitakiwa iwe tano na sentimita tano. Ilikuwa nne na tisini na tatu. Valence akahesabu kwa vidole, akatoa kumi mara mbili, akahesabu tena. Kumi na mbili. Ndilo pengo la jana.

Sasa nilikuwa najua kwamba kamba imekosea. Lakini hilo halikuniambia kwamba Pankrasi amepatia. Kamba mbovu inaweza kusema uongo juu ya kona nzuri, na inaweza kusema uongo juu ya kona mbovu pia. Na alikuwa anawahi mpira.

Nikaomba wapime kona yake, ile ya vigingi vya oili, bila kamba.

Wakaurudisha uzi wa ubavuni kwenye msumari wake wa zamani. Valence akapima mita tatu kwenye uzi wa mbele, akafunga kijiuzi cha mzee pale. Akapima nne kwenye uzi wa ubavuni, akafunga kingine. Halafu akapima mita tano kwenye uzi wa akiba, yaani mita mbili na nusu mara mbili, akaweka alama mbili. Alipima mara tatu. Lukresia akashika ncha moja kwenye tatu. Valence akaivuta nyingine hadi kwenye nne.

Sikuangalia. Niliangalia msumari wa kona, ambao ulikuwa umeshika kutu.

Nikamsikia Mzee Daimu akisema, "Alhamdulillahi."

Alama ilikuwa imekaa juu ya kijiuzi. Si karibu yake. Juu yake. Valence akainama mpaka pua ikaugusa uzi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akitafuta hata unene wa msumari. Halafu akasimama, akavua kofia, na nikaona kwamba ni ile kofia ya Pankrasi.

"Mngoni huyu," alisema. "Alikuwa anawahi mpira, na bado."

Hakumaliza. Akaenda nyuma ya rundo la mchanga, akakaa huko kama anatafuta nyundo. Nyundo ilikuwa mkononi mwake.

*

Alivyorudi akang'oa mwenyewe vigingi vyake viwili vya jana. Tukatafuta kona ya nne upya, mita kumi na mita nane, na kabla ya kupigilia tukavuta uzi kona kwa kona. Mara hii vipimo viwili vilipishana kwa nusu ya upana wa kidole. Valence akakisogeza kigingi kidogo, vikalingana. Akanipa nyundo. Nikapiga mara sita, mbili kati ya hizo kwenye udongo.

Lukresia ndiye aliyekumbuka kuku. Alisema jogoo alitolewa kwa sababu kaburi halikuwa skwea, na aliyelipima kaburi ni huyuhuyu aliyeshindwa na nyumba, kwa hiyo jogoo arudi, na kamba ilipwe. Valence alijaribu kusema kwamba kaburi alilipima kabla hajaikata kamba, kwa hiyo kipimo kile ni halali. Wachimbaji wote wawili wakakataa hoja hiyo. Wiki iliyofuata alileta jogoo na kamba mpya, na jogoo alikuwa amefungwa miguu kwa hiyo kamba mpya. Nikaifungua, nikaikagua, nikamrudishia ampe Mzee Daimu aishone alama.

Ile ya bluu nimeitundika ukutani kule Bombambili. Valence alitaka kulifungua fundo. Nilimkatalia.

Lakini jambo nililotaka kuliandika ni la Jumamosi ileile, kabla ya jembe la kwanza. Valence alikuja akaniambia kitu ambacho alikuwa anakijua tangu Ijumaa na hakuthubutu kusema. Vigingi vya kona lazima ving'olewe hata kama viko sahihi, kwa sababu viko palepale ambapo mtaro wa msingi utachimbwa. Alipigilia mbao fupi nje kabisa ya msingi, pande zote, akazifunga nyuzi juu yake, kila moja ikipita juu ya misumari miwili. Halafu akakiondoa kigingi cha kona, taratibu, akakizungusha kama jino, akanipa. Kilikuwa kizima. Mchwa hawakukigusa.

Nilidhani nitasikia vibaya. Nikaangalia pale kilipokuwa. Kulikuwa na shimo dogo, na juu yake nyuzi mbili zilikuwa zinapishana hewani, mahali ambapo msumari ulikuwa.

Mzee Daimu akasema turudi nyuma, wachimbaji wanataka nafasi. Nikarudi nyuma na kigingi changu. Kitenge kikaingia oili upande wa pili.